Kwa nini dawa ya kupuliza puani humtoa mtoto damu

Newala. Asubuhi ya siku ya sita, mama alipokunja shuka la mwanawe aliona doa la damu kubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili. Mtoto, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa na damu iliyokauka kwenye tundu la kushoto la pua. Hakuwa ameanguka wala kupigwa na mwenzake. Kitu kipya pekee katika maisha yake kilikuwa kichupa cheupe cha dawa ya kupuliza puani alichoandikiwa hospitalini Masasi.

Baba alikuwa na jibu tayari. Alishasoma kwenye karatasi ya ndani ya boksi neno stiroidi, na kwake neno hilo lilimaanisha sindano za watu wa kunyanyua vyuma. Kichupa kikapandishwa juu ya kabati.

Mtoto huyo alikuwa na mafua ya mzio, ambayo wengi huyaita aleji. Kila mwaka kuanzia Juni, mikorosho inapoanza kutoa maua, pua yake huziba. Hupiga chafya mfululizo akiamka, husugua pua kwa kiganja hadi ngozi inakuwa nyekundu, na usiku hulala mdomo wazi akikoroma kama mtu mzima. Mwaka huu mwalimu alimwita mama shuleni kumweleza kuwa mtoto anasinzia darasani. Ndiyo sababu iliyomfanya ateremke hadi Masasi kumwona daktari.

Wazazi wa Newala na Masasi wanaujua msimu huo. Kuanzia Juni hadi Agosti au Septemba, alfajiri kabla upepo haujaamka, mashine za kupulizia zinanguruma mashambani zikirusha unga wa njano wa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua ya korosho. Unga huo huwasha macho na pua hata kwa mtu asiye na aleji. Kwa mtoto ambaye pua yake imeshavimba kwa mzio, ni kama kutia chumvi kwenye kidonda. Ongeza vumbi la barabara na moshi wa kuni jikoni, na pua haipati pa kupumzikia.

Dawa aliyoandikiwa ilikuwa flutikasoni, mikrogramu 50 kwa kila mpulizo, mpulizo mmoja kila tundu, mara moja kwa siku. Hicho ni kipimo cha kawaida kwa mtoto wa miaka minne hadi kumi na mmoja. Ilikuwa dawa sahihi kwa ugonjwa sahihi. Kilichokosekana ni dakika tano za mtu kumwonyesha mama namna ya kuipuliza.

Ukuta wa katikati

Ingiza kidole kidogo taratibu kwenye pua yako na uguse sehemu ya katikati, inayotenganisha tundu la kulia na la kushoto. Huo ndio ukuta wa kati wa pua. Mbele yake, karibu kabisa na mlango wa tundu, mishipa midogo ya damu kutoka pande kadhaa inakutana chini ya ngozi nyembamba sana. Damu nyingi inayotoka puani kwa watoto inaanzia hapo, iwe kwa kuchokonoa kwa kucha, kwa hewa kavu au kwa kupenga kamasi kwa nguvu.

Dawa ya kupuliza inatoka kwa kasi. Ncha ya kichupa ikielekea ukuta huo, mpulizo unapiga sehemu ileile ndogo kila siku. Nguvu ya mpulizo inaukwaruza ukuta, na dawa inayorundikana hapo inaukausha na kupunguza uwezo wake wa kujitengeneza. Baada ya siku kadhaa kinatokea kigaga. Mtoto akikichokonoa, damu inatoka. Katika hali nadra, kwa mtu anayeendelea hivyo miezi mingi bila kushughulikia vidonda, ukuta unaweza hata kutoboka.

Wakati huohuo, dawa haifiki inakotakiwa. Uvimbe wa aleji uko pembeni, kwenye nyama laini zilizokunjamana kwenye ukuta wa nje wa pua, upande wa shavu na jicho. Kwa hiyo kosa moja linaleta hasara mbili: damu upande wa katikati, na pua iliyoziba ileile upande wa nje. Mzazi anahitimisha kuwa dawa ni kali na tena haifanyi kazi, kumbe yote mawili yametokana na uelekeo wa ncha.

Karatasi ya ndani ya boksi haifichi kwamba damu puani ni miongoni mwa athari za kawaida za dawa hizi. Wapo wanaotokwa damu hata wakipuliza vizuri. Lakini damu inapotoka upande mmoja tu, na upande huohuo kila mara, jambo la kwanza la kuchunguza ni mkono wa anayepuliza.

Mkono upi, tundu lipi

Wiki tano baada ya kuandikiwa dawa, mama alirudi Masasi na mtoto. Safari hii alikutana na mfamasia ambaye, kabla ya kusema lolote kuhusu dawa, alimwomba jambo moja.

“Mama, hebu nionyeshe unavyompulizia nyumbani. Fanya vilevile, usibadilishe kitu.”

Mama alimlaza mtoto chali kwenye benchi, akasimama mbele yake, akachukua kichupa kwa mkono wa kulia na kukiingiza ndani kabisa ya tundu la kushoto. Akabonyeza. “Vuta, baba, vuta kwa nguvu!” alimwambia mwanawe. Mtoto akavuta kwa sauti, akakunja uso, akameza. Kisha mama akampa kitambaa apenge kamasi.

Mfamasia hakucheka wala kukemea. Alimwuliza mtoto dawa ina ladha gani. Mtoto alisema ni chungu na inanuka kama maua. Hapo mfamasia alishapata nusu ya majibu, kwa sababu mtoto anayesikia uchungu kooni kila siku anaimeza dawa badala ya kuiweka puani.

Tuanze na kulala chali. Ndani ya kichupa kuna mrija mwembamba unaofika chini kuvuta dawa. Kichupa kikilazwa, na hasa kikiwa na dawa kidogo, mrija unaweza kuvuta hewa, na mpulizo ukatoka nusu au usitoke kabisa. Hata ukitoka, kichwa kikiwa kimerudi nyuma dawa inateleza moja kwa moja kooni. Mtoto anatakiwa kukaa au kusimama, kichwa kimeinama mbele kidogo, kama mtu anayetazama vidole vyake vya miguu. Kichupa kinabaki kimesimama wima au karibu na wima.

Sasa mkono. Mtu mzima anayejipulizia mwenyewe ana kanuni rahisi: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Mkono unapovuka uso, ncha inaelekea nje yenyewe bila mtu kufikiria. Akitumia mkono wa kulia kwa tundu la kulia, kiwiko kinajisukuma nje na ncha inageukia ukuta wa katikati.

Lakini mama alikuwa amesimama mbele ya mtoto, na hapo kanuni inageuka. Mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa mtoto. Alipoutumia kwa tundu la kushoto, mpulizo ulitoka pembeni kuelekea katikati, ukapiga ukuta. Kwa tundu la kulia mkono huohuo ulivuka uso wa mtoto na ncha ikaelekea nje. Ndiyo maana damu ilitoka kushoto tu, na ndiyo maana, kama mama alivyokumbuka alipoulizwa, tundu la kulia lilikuwa na nafuu kidogo.

Mzazi asiyetaka kukariri mikono ana njia mbili. Ya kwanza ni kusimama nyuma ya mtoto, au kumpakata mgongo wake ukigusa kifua chako, wote mkitazama kioo. Hapo kanuni ya mtu mzima inabaki vilevile. Ya pili, iliyo bora zaidi, ni kusahau mikono na kutazama ncha. Popote ulipokaa, ncha ielekee pembe ya nje ya jicho la upande huohuo, au juu ya sikio la upande huo. Isielekee kamwe kwenye paji la uso katikati ya nyusi.

Ncha haihitaji kuzama. Iingie mlangoni tu, karibu nusu sentimita hadi sentimita moja kwa mtoto, bila kugusa ukuta. Vidole viwili vinakaa kwenye mabega ya kichupa, dole gumba chini. Bonyeza mara moja kwa uthabiti, kwa sababu ukibonyeza kwa woga, matone mazito yanatoka badala ya ukungu. Mtoto avute pumzi polepole kwa pua, kama anayenusa wali jikoni, kisha atoe pumzi kwa mdomo. Akivuta kwa nguvu, dawa inapita kwenye sehemu iliyovimba bila kusimama na kutua kooni.

Kupenga kamasi kunakuja kabla, si baada. Mama alikuwa anapuliza kwenye kamasi na kisha kuitoa kamasi pamoja na dawa. Mtoto apenge kwanza, taratibu, tundu moja baada ya jingine. Baada ya dawa akae angalau dakika 15 bila kupenga. Kinachochuruzika nje kifutwe tu.

Pua ikiwa na kamasi nzito au vigaga, ioshwe kwanza kwa maji ya chumvi. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ina bei na haimwagwi hovyo, habari njema ni kwamba kiasi kidogo kinatosha. Chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe, na koroga ndani yake chumvi isiyofika kijiko kimoja cha chai. Maji yawe yaliyochemshwa kweli, si ya kuchota tu kwenye pipa la mvua. Dondosha au puliza machache kila tundu, mtoto apenge, subiri kama dakika kumi ndipo ufuate na dawa. Mchanganyiko utengenezwe mpya kila siku. Aliye na uwezo anaweza kununua maji ya chumvi ya puani yaliyotengenezwa tayari.

Kuna jambo moja ambalo mama hakulijua kabisa: kichupa kipya hakitoi dawa mara ya kwanza. Pampu ina hewa. Kichupa kinatakiwa kutikiswa, kisha kibonyezwe hewani, mbali na uso, hadi ukungu laini utoke. Kwa flutikasoni ni takriban mara sita, na kila dawa ina idadi yake kwenye karatasi ya boksi. Kisipotumika kwa wiki moja au zaidi, kazi hiyo inarudiwa. Ina maana kwamba siku zake mbili au tatu za mwanzo mtoto alikuwa anapuliziwa hewa zaidi kuliko dawa.

Siku ya nne si siku ya kuhukumu

Siku ya nne mama alikuwa ameshakata tamaa. Siku ya sita damu ikamaliza mjadala. Siku ya saba alikwenda duka la dawa akaomba kitu cha kufungua pua, akapewa matone ya oksimetazolini. Dakika kumi baada ya kudondoshewa, mtoto alipumua. Nyumba nzima ilifurahi, na aleji ikaonekana imepata dawa yake.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea, kwa kuwa dawa hizi mbili zinafanana kwa umbo na zinakaa rafu moja, lakini kazi zake ni tofauti kabisa. Oksimetazolini na ndugu yake zailometazolini zinabana mishipa ya damu puani. Uvimbe unanywea mara moja, kama mpira wa bustani uliokanyagwa. Ukiondoa mguu, maji yanarudi. Zikitumika zaidi ya siku chache, mishipa inazoea na inavimba zaidi kila dawa inapoisha nguvu. Mtoto wa Newala aliwekewa matone kwa wiki tatu. Mwishoni alikuwa anayahitaji mara nne kwa siku, na pua iliziba kuliko Juni.

Stiroidi ya puani haibani chochote. Inaingia ndani ya chembe hai za pua na kuzipunguzia utengenezaji wa kemikali zinazoita uvimbe, kamasi na kuwashwa. Chembe zilizokwisha kujaa puani hazifukuzwi kwa siku moja. Zinapungua kadiri siku zinavyokwenda na nyingine haziitwi. Baadhi ya watoto wanahisi nafuu ndani ya siku ya kwanza. Wengi wanaanza kuona tofauti siku ya tatu au ya nne, na nguvu kamili ya dawa inahitaji wiki moja hadi mbili za kupuliza kila siku bila kuruka.

Kwa hiyo swali la kama dawa inafanya kazi linaulizwa baada ya siku 14, na siku hizo zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kupuliza vizuri. Siku za kupuliza ukuta hazimo. Kwa mtoto aliyeambiwa ana nyama za puani, yaani zile tezi za nyuma ya pua zilizovimba, subira ni ndefu zaidi. Daktari anaweza kuijaribu dawa kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua kama upasuaji unahitajika, na si kila mtoto atakwepa kisu.

Dalili pia haziondoki kwa pamoja. Chafya na kuwashwa mara nyingi hutangulia kupungua, kuziba na kukoroma hufuata. Mzazi anayesubiri kukoroma kuishe siku ya tatu ataitupa dawa iliyokuwa njiani kufanya kazi.

Kichupa kinasema ukweli

Mfamasia alikishika kichupa cha mtoto juu ya mwanga wa dirisha na kukitikisa. Kilikuwa kimejaa karibu kama kipya. Alichukua kalamu. Kichupa kina mipulizo 120. Mtoto anatumia miwili kwa siku, kwa hiyo kinamalizika siku ya 60. Baada ya wiki tano mipulizo 70 ilitakiwa iwe imetumika. Mama alihesabu kwa vidole: siku sita za mwanzo, kisha siku chache alipojaribu tena baba akiwa shambani. Haikufika 20.

Hesabu hiyo inafaa nyumba yoyote. Andika tarehe ya kufungua kwenye boksi kwa kalamu. Kichupa cha mtoto wa mipulizo miwili kikiwa bado kina dawa tele mwezi wa tatu, kuna siku nyingi zilizorukwa. Kikiisha baada ya mwezi mmoja, mtoto anapuliziwa maradufu, au ndugu zake nao wanatumia, jambo ambalo si zuri kwa sababu ncha inabeba vijidudu vya mafua kutoka pua moja kwenda nyingine. Mipulizo 120 ikitimia, acha kichupa hata kama kuna kimiminika kimebaki chini, kwani kiasi kinachotoka hakiaminiki tena.

Ncha ikiziba, wapo wanaoizibua kwa sindano au mwiba. Tundu likipanuka kidogo tu, ukungu unageuka mshale, na mshale huo unapiga pua. Kwa vichupa vingi kinachotakiwa ni kuchomoa kichwa cha plastiki, kukisuuza kwa maji ya uvuguvugu, kukiacha kikauke na kukirudisha, kisha kubonyeza hewani hadi ukungu urudi.

Mpango waliotoka nao Masasi ulikuwa hivi. Matone ya kufungua pua yaliachwa siku hiyohiyo, na mama aliambiwa wazi kuwa siku kadhaa zijazo pua itaziba vibaya kabla ya kutulia. Tundu la kushoto lilipumzishwa kwa siku tano. Kila usiku lilipakwa mafuta ya mgando kidogo sana mlangoni, kwa ncha ya kidole kidogo, na kucha za mtoto zikakatwa. Tundu la kulia liliendelea na dawa. Kigaga cha kushoto kilipoondoka, upande huo nao ulirudi, ncha ikitazama jicho.

Usiku wa pili ulikuwa mgumu. Mtoto alilia akitaka matone yake, na mama alimwekea maji ya chumvi na kumwinua kichwa kwa mito miwili. Siku ya tano tundu la kulia lilifunguka asubuhi. Siku ya tisa alipiga chafya mbili tu kabla ya kwenda shule, na mama alizihesabu. Siku ya 13 baba ndiye aliyegutuka usiku, kwa sababu chumba kilikuwa kimya mno, akaenda kuwasha taa kuona kama mtoto anapumua.

Baba naye alipewa kazi. Dawa haiwezi kuzuia salfa isiingie puani. Inapunguza mzio, lakini haizuii muwasho wa unga wenyewe. Sasa baba anavua nguo za shambani nje, kwenye banda, anajimwagia maji na kunawa kichwa kabla ya kumpakata mtoto, na mtoto hapelekwi shambani asubuhi ya kupuliza.

Kuhusu hofu yake ya stiroidi, jibu alilopata halikuwa la kumpuuza. Hizi si zile za kujenga misuli. Ni za kundi jingine, zinazotuliza uvimbe, na za aina mpya kama flutikasoni na mometasoni zinaingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Hata hivyo, mtoto anayezitumia kwa miezi mingi anatakiwa apimwe urefu anaporudi kliniki, kwa kuwa baadhi ya dawa za kundi hili zimeonekana kupunguza kidogo kasi ya kukua. Ndiyo maana daktari anatafuta kipimo kidogo kinachotosha, na dawa inasimamishwa msimu ukipita. Umri nao unaangaliwa: flutikasoni ya aina aliyopewa mtoto huyu inaanzia miaka minne, mometasoni miaka mitatu kwa maelekezo mengi, beklometasoni miaka sita. Mdogo wa miaka miwili asipuliziwe kichupa cha kaka yake.

Lipo onyo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Mtu, awe mtoto au mzazi, anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU zenye ritonavir ndani yake lazima amweleze daktari kabla ya kupewa flutikasoni au budesonidi ya puani. Ritonavir inazuia ini kuivunja stiroidi hiyo. Kiasi kidogo kinachomezwa kila siku kinarundikana mwilini, na baada ya wiki uso unavimba, uzito unaongezeka, na tezi zinazotengeneza homoni za mwili zinalala. Ipo dawa mbadala ya kupuliza, lakini daktari anapaswa kujua ili aichague. Anayeona aibu kulisema mbele ya foleni ana haki ya kuomba kuzungumza faragha.

Damu ikitoka

Damu ikitoka puani, mtoto akae wima na kuinama mbele. Usimlaze wala kumwinua kichwa juu, kwa sababu damu itaingia kooni na atatapika. Bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa vidole viwili, mtoto apumue kwa mdomo. Hesabu dakika kumi kwa saa bila kuachia kuchungulia, kwani kila unapochungulia unaanza upya. Isipokoma, rudia dakika kumi nyingine. Ikiendelea kutoka baada ya hapo, au ikitoka kwa wingi, au mtoto amelegea na kupauka, nenda hospitali usiku huohuo.

Damu chache zenye kamasi baada ya kupuliza zinahitaji kusimamisha dawa upande huo kwa siku chache, kupaka mafuta ya mgando, na kusahihisha mkono. Zikirudi ingawa mkono ni sahihi, mtoto aangaliwe ndani ya pua kwa taa. Na tundu moja likiziba lenyewe, likitoa usaha wenye harufu mbaya, usipulize kitu. Mara nyingi kwa watoto wadogo kuna punje ya mahindi, shanga au kipande cha korosho kilichosukumwa humo, na kinatolewa na mhudumu wa afya mwenye kifaa.

Mtoto wa Newala alimaliza kichupa mwanzoni mwa Oktoba, na daktari akasema kinatosha kwa mwaka huo. Ndani ya mlango wa kabati, pembeni ya kalenda, mama ameandika tarehe ya kuanza mwakani: katikati ya Mei, wiki mbili kabla ya maua ya kwanza ya mikorosho. Chini yake mtoto amechora pua, na mshale mmoja unaoelekea kwenye jicho.